Mistari minne ya haidrojeni, na ule wa kijani uliotudanganya

(Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi hapa Dodoma mbele ya wanafunzi wa klabu za sayansi, fomu faivu na siksi, pamoja na walimu wao. Wengi mliniomba niiandike kwa hiyo nimeiandika karibu vile vile nilivyoongea.)

Shikamooni walimu wangu, na ninyi wadogo zangu habari za mchana. Nashukuru kwa kunipa nafasi na nashukuru zaidi kwamba mmekubali tufunge mapazia na joto hili, maana ninachotaka kuwaonyesha kinataka giza.

Hii tyubu ya kioo hapa mezani ndani yake kuna gesi ya haidrojeni, kidogo sana, na ncha zake mbili zimeungwa kwenye kile kiboksi kinachotoa volti kama elfu tano hivi, kwa hiyo tafadhali asisogeze mtu mkono. Nikiwasha mnaona inawaka rangi ya waridi. Wote mnaona rangi moja si ndiyo? Sasa wale wa mbele chukueni hivi vioo vidogo vyenye mistari myembamba 600 kwa kila milimita, gretingi, muweke karibu na jicho muitazame tyubu halafu macho yaende pembeni taratibu. Waridi imepotea. Badala yake mna mstari mwekundu, halafu giza, halafu mstari wa buluu inayoelekea kijani, halafu giza tena, halafu mmoja wa zambarau hafifu. Hakuna upinde wa mvua hapo, hakuna njano wala machungwa, ni vimistari tu vyembamba vimesimama kila kimoja peke yake.

Leo naongelea hivyo vimistari tu. Nataka mtoke hapa mkiwa na uwezo wa kukokotoa kila mmoja uko wapi kabla hamjauona, na pia mkiletewa mstari usioujua muweze kusema huu ni wa haidrojeni au si wa haidrojeni.

Tuanze na kisima. Wengi hapa mnajua visima vya kuchimba kwa mkono, ukitoka nje ya mji kidogo tu unavikuta, mchimbaji anaposhuka chini anaacha vidato ukutani vya kukanyaga. Sasa chukua kisima cha ajabu kidogo ambacho vidato vyake havijapangwa sawasawa. Cha chini kabisa kiko mita 13.6 kutoka juu. Kinachofuata kiko mita 3.4, yaani umeruka pengo kubwa mno. Halafu 1.51, halafu 0.85, halafu 0.54, halafu 0.38, na vinaendelea kubanana hivyo hivyo mpaka usawa wa ardhi ambao ni sifuri. Elektroni ya haidrojeni ndivyo inavyoishi, ila badala ya mita tunatumia elektroni-volti, eV. Ngazi namba n iko kwenye −13.6 gawanya kwa n mara n. Ile hasi inawasumbua wengi lakini ni kina cha kisima tu, uko chini ya usawa wa ardhi, basi.

Umeme ule unaipandisha elektroni, na ikiwa juu haikai, inashuka, na ikishuka kutoka kidato kimoja mpaka kingine inatoa fotoni moja yenye nishati sawa kabisa na pengo lile. Siyo nishati ya ngazi ya juu, siyo ya ngazi ya chini, ni PENGO. Nimesahihisha karatasi nyingi sana na hapa ndipo watu wanapoanza kupotea, mtu anachukua 1.51 ya ngazi ya tatu anaigeuza moja kwa moja kuwa urefu wa wimbi, anapata kama nanomita 821, na hata hajiulizi mbona mwekundu niliouona kwa macho umekuwa kitu kisichoonekana.

Haya tufanye ule mwekundu pole pole. Elektroni inatoka ngazi ya 3 inatua ngazi ya 2. Ngazi ya 2 iko −3.40, ngazi ya 3 iko −1.511, pengo ni 1.889 eV. Kugeuza eV kuwa urefu wa wimbi kuna namba moja nzuri ya kukumbuka, 1240, ambayo ni h mara c ikiwa tayari kwenye eV na nanomita, kwa hiyo hamna haja ya kubeba zile namba za kumi kipeo hasi thelathini na nne kila mara. 1240 gawanya kwa 1.889 ni kama 656.4. Nanomita 656, nyekundu, ndio ule mliouona.

Lakini angalieni nilivyobeba tarakimu. Nimeandika 1.511, sijaandika 1.5. Hebu fanya kwa uvivu: 3.4 toa 1.5 ni 1.9, 1240 gawanya kwa 1.9 unapata 652.6. Umekosea karibu nanomita nne na ulichofanya ni kukata tarakimu mbili tu mapema! Namba mbili ukizitoa makosa ya zote yanabaki lakini jibu limekuwa dogo, kwa hiyo kosa linaonekana kubwa. Ndiyo maana mimi nawashauri msiende kwa eV ngazi kwa ngazi kabisa, peleka sehemu mpaka mwisho halafu gawanya mara moja. 1240 gawanya kwa 13.6 ni 91.18, basi fomula nzima inakuwa hivi:

```
λ = 91.18 / (1/4 − 1/n²)      (nanomita)
```

Ile 1/4 ni ngazi ya 2 tunapotua, n ni tunakotoka. Kwa n = 3, 1/4 toa 1/9 ni 5/36, 91.18 mara 36 gawanya kwa 5 ni 656.5. Kwa n = 4 ile sehemu ni 3/16, unapata 486.3, ile buluu-kijani. Kwa n = 5 ni 21/100, unapata 434.2, zambarau hafifu. Na n = 6 ni 2/9, unapata 410.3. Huo wa nne hakuna aliyesema ameuona, tutaurudia baadaye.

Kuna kosa moja la sehemu ambalo naliogopa kuliko mengine. Mtu anaandika 1/4 toa 1/9 halafu anatoa zile za chini, nne toa tisa, anapata moja ya tano, hasi anaitupa. 91.18 mara 5 ni 455.9. Shida ni kwamba 456 nayo inaonekana kwa macho, ni buluu safi kabisa, kwa hiyo mtu anapiga mstari chini ya jibu na kuendelea bila wasiwasi wowote. Angesahau kugeuza, angezidisha badala ya kugawanya, angepata nanomita 12.7 na angeshtuka mwenyewe. Lakini 456 haishtui mtu. Kinga yake ni kujua kabla hujaanza kwamba kutoka 3 kwenda 2 ndilo pengo dogo kuliko yote yanayotua ngazi ya 2, kwa hiyo lazima liwe na wimbi refu kuliko yote, lazima liwe jekundu. Ukipata buluu rudi nyuma.

Mwanafunzi mmoja pale nyuma ameuliza swali zuri mno, kwa nini kila mara tunatua ngazi ya 2, elektroni haitui kwingine? Inatua, tena sana. Sema jicho letu ndilo lina dirisha dogo. Jicho linaona takriban nanomita 380 mpaka 700, ukigeuza kwa ile 1240 ni pengo la kama 3.26 mpaka 1.77 eV. Sasa rudi kwenye kisima. Anayetua kidato cha chini kabisa, hata akitoka kile kilicho karibu zaidi, anaanguka kutoka 3.4 mpaka 13.6, pengo la 10.2, wimbi lake nanomita 121.6, hiyo ni altravioleti ya mbali. Hawezi kamwe kutoa mwanga tunaouona, pengo dogo kabisa alilonalo ni kubwa mno kwa jicho. Anayetua kidato cha tatu, hata akianguka kutoka juu kabisa usawa wa ardhi, pengo kubwa kabisa ni 1.51 tu, hiyo ni infraredi. Naye hawezi. Anayetua cha pili peke yake anaanzia 1.89 na kuishia 3.40. Dirisha la macho yetu limeangukia hapo hapo. Mimi jambo hili linanigusa kila ninapolifundisha, kwamba ile waridi mnayoiona ni kipande kidogo tu cha mwanga unaotoka kwenye hiyo tyubu.

Na mpangilio huu uligunduliwa kwa namba tupu kabla mtu yeyote hajajua kuna ngazi. Johann Balmer alikuwa mwalimu wa hisabati, akifundisha shule ya wasichana kule Basel, Uswisi. Mwaka 1885, akikaribia miaka sitini, alikuwa na vipimo vya mistari minne alivyovipima Ångström, akaona kwamba ukichukua 364.56 ukazidisha kwa 9/5 unapata mwekundu, kwa 16/12 unapata wa pili, kwa 25/21 wa tatu, kwa 36/32 wa nne. Juu ni namba mraba, chini ni mraba ule ule toa nne. Hakujua kwa nini. Maelezo ya ngazi yalikuja 1913 kwa Niels Bohr, ambaye alizaliwa mwaka huo huo wa 1885. Chukueni fomula niliyowapa mpange upya mtaona ni ya Balmer ile ile, 91.18 mara 4 ni 364.7.

Sasa mtaniambia, mwalimu, yeye 364.56 wewe 364.7, na vitabu vyetu vinasema mwekundu ni 656.3 wewe umesema 656.5, nani amekosea? Hakuna. Fomula ya ngazi inatoa wimbi lilivyo mahali pasipo na hewa. Vipimo vya maabara vilifanywa ndani ya hewa, na hewa inalifupisha wimbi kidogo sana, kama sehemu tatu katika elfu kumi. 656.47 punguza hiyo unapata 656.28. Ila kuna mtu atatumia ile konstanti ya Rydberg yenye alama ya isiyo na mwisho, 1.09737 mara kumi kipeo saba, atapata 656.1, na atafikiri hewa ndiyo imemfanyia hivyo. Hapana, ile konstanti inachukulia kiini ni kizito kupita kiasi hakitikisiki, wakati protoni ni nzito mara 1836 tu ya elektroni na inatikisika kidogo. Mambo mawili tofauti, msiyachanganye.

Twende kwenye kitu kilichotokea kweli, maana ndicho kilichonifanya nichague mada hii. Kuna kundi la wanafunzi, shule yao siitaji, walikuwa wanapima hii mistari jioni. Tyubu imesimama, rula ya mita imelazwa pembeni yake, na gretingi iko mita moja kamili mbele ya tyubu. Mmoja anatazama kupitia gretingi, mwenzake anasogeza penseli juu ya rula mpaka yule wa kwanza aseme hapo hapo, penseli imekutana na mstari. Wakaandika sentimita 42.8 nyekundu, 34.7 kijani, 30.5 buluu-kijani, 27.0 zambarau. Mistari minne! Wakafurahi sana, mwalimu alisema minne na sisi tumepata minne, wakaipanga kwa n = 3, 4, 5, 6 na kalkuleta ikakataa katakata. Wakaja kwangu wakidhani gretingi ni mbovu.

Nikawaambia tusibahatishe n, tuiulize namba yenyewe. Gretingi ya mistari 600 kwa milimita ina nafasi ya nanomita 1667 kati ya mstari na mstari, na wimbi ni 1667 mara sine ya pembe. Pembe unaipata kwenye rula, tanjenti yake ni 42.8 juu ya 100. Nyekundu ikatoka 655.8, kijani 546.4, buluu-kijani 486, zambarau 434.4. Halafu unageuza fomula: 91.18 gawanya kwa wimbi ulilopima, toa kwenye 0.25, kinachobaki ni moja ya n mraba. Nyekundu, 91.18 gawanya kwa 655.8 ni 0.1390, toa kwenye 0.25 inabaki 0.1110, geuza unapata 9.01, mzizi wake 3.00. Imekaa. Buluu-kijani ikatoka 4.00. Zambarau 4.99, tunaikubali ni 5. Kijani sasa, 91.18 gawanya kwa 546.4 ni 0.1669, inabaki 0.0831, geuza 12.03, mzizi 3.47.

Tatu na nusu kasoro. Hakuna kidato hapo ukutani. Elektroni haina pa kukanyaga, kwa hiyo huo mstari hautoki kwenye atomu ya haidrojeni hata kama umeuona kwa macho yako mawili.

Tukaanza kuutafuta. Aliyeujua ni binti mmoja aliyeinuka akaenda kufunga mlango, na alipoufunga kijani kikatoweka. Koridoni kulikuwa na tyubulaiti inawaka, mwanga wake ulikuwa unaingia mlangoni unagonga kioo cha tyubu yetu na kuakisiwa kama uzi mwembamba, sambamba kabisa na tyubu, kwa hiyo kwenye gretingi ukaonekana pale pale. Tyubulaiti ndani yake kuna mvuke wa zebaki, na zebaki ina mstari wa kijani wenye nguvu kwenye 546.1.

Cha hatari zaidi ni kwamba zebaki hiyo hiyo ina mstari mwingine kwenye 435.8, na wa haidrojeni uko 434.0. Je zambarau yao ilikuwa ya nani? Kwa rula hiyo huwezi kujua. Nusu sentimita ya kukosea kwenye rula, na penseli yenyewe ina unene wake, inakupeleka kama nanomita saba huku ama kule, wakati tofauti ya hiyo mistari miwili haifiki hata mbili. Kadiri n inavyopanda ndivyo hesabu ya kurudi nyuma inavyokuwa nyepesi kuyumba, ile zambarau ikisomwa 27.5 badala ya 27.0 n inakuwa 4.8 na hujui ufanye nini nayo. Kwa hiyo siyo fomula ndiyo iliyoamua, ni mlango. Walifunga, kijani kikaondoka, zambarau ikabaki, basi angalau sehemu yake ni ya haidrojeni. Baada ya hapo wakasoma upya kila mstari kushoto na kulia kwa tyubu na kuchukua wastani, maana gretingi ikiwa imepinda kidogo au tyubu haijakaa katikati upande mmoja unazidi na mwingine unapungua.

Na msije mkafikiri mwanga wa ziada ni wa koridoni tu. Humo humo ndani ya tyubu haidrojeni nyingi iko mbili mbili, molekuli, nayo inatoa mwanga wake, vimistari vingi hafifu vilivyosongamana, hasa upande wa nyekundu na machungwa. Ukiona ukungu wa vimistari kati ya nyekundu na kijani usihangaike kuvitafutia n. Fomula yetu ni ya atomu moja yenye elektroni moja, basi.

Nimebakiza ule wa nne, 6 kwenda 2. Kwa nini haukuonekana? Atomu chache zaidi zinafika ngazi ya 6, na jicho lenyewe kwenye nanomita 410 ni dhaifu mno, liko karibu na ukingo wa dirisha lake. Lakini tunajua uko wapi. 410.2 gawanya kwa 1667, pembe yake, tanjenti yake, mara mita moja, ni sentimita 25.4 kwenye rula.

Wale wanafunzi niliwaambia wazime kila kitu, hata simu zilale kifudifudi, wakae gizani kama dakika kumi bila kuwasha chochote macho yazoee. Wakachomeka kipini kwenye 25.4, yule binti aliyefunga mlango akaweka gretingi jichoni, nikamwambia asiutazame moja kwa moja, atazame pembeni yake kidogo. Alikaa kimya muda mrefu sana mpaka wenzake wakaanza kunong'ona. Halafu akanyoosha mkono akashika kipini gizani akakisogeza upana wa ukucha kwenda kushoto, akasema, upo.